Maswali Kabla ya Kianzio

Ujumbe wa kwanza wa mteja kwa mbunifu wa tovuti mara nyingi hauzidi mstari mmoja: "Habari kaka, nataka tovuti nzuri ya kisasa, ni shilingi ngapi?" Ndani ya mstari huo hakuna cha kupigia hesabu. Kurasa hazijulikani ni ngapi, tarehe haipo, picha hazijulikani zitatoka wapi, wala nani mwenye kauli ya mwisho. Hata hivyo wabunifu wengi hujibu kwa kutaja bei hapo hapo, kwa kuhofia mteja asije akaenda kwa mwingine. Bei ikishatajwa, kila jambo linalojitokeza baadaye huwa ugomvi mdogo. Mteja anaona anazungushwa, mbunifu anaona anaongezewa mzigo.

Ndiyo maana baadhi yao wameanza kutumia fomu ya maswali kwa kila mteja mpya. Wenye viwanda vya uchapaji, wahasibu na wapiga picha za harusi nao wana fomu zao, lakini hapa tubaki na kazi ya kutengeneza tovuti ya biashara ndogo, kwa sababu humo ndimo vitu vingi husahaulika hadi siku vinapohitajika.

Anayetunga fomu ya namna hii ana kipimo kimoja tu cha kufuata. Kila swali lazima liwe na uwezo wa kubadilisha bei, au tarehe, au mtu atakayefanya kazi fulani. Swali ambalo jibu lake, liwe lolote lile, halibadilishi kimoja kati ya hivyo vitatu, halina sababu ya kuwamo. "Unapenda rangi gani?" linaweza kusubiri. "Nani ataandika maneno ya kwenye tovuti?" haliwezi kusubiri, kwa sababu kuandika kurasa sita ni kazi ya siku kadhaa, na mtu mmoja lazima aibebe.

Sehemu mbili, nyakati mbili

Kosa linalojirudia sana ni kumtumia mteja maswali arobaini kwa mpigo. Anajibu matano, anachoka, anaahidi kumalizia jioni, na jioni hiyo haifiki. Fomu inayojazwa imegawanywa mara mbili. Sehemu ya kwanza ina maswali matano au sita, na hutumwa kabla ya bei kutajwa. Humo yamo yale tu yanayogusa gharama: biashara ni ipi, tovuti ifanye nini, nani ataamua, inatakiwa lini na kwa nini siku hiyo, vifaa gani tayari vipo, na mteja ametenga kiasi gani. Sehemu ya pili hutumwa kianzio kikishalipwa, nayo ni orodha ya vifaa: nembo, picha, maneno, namba za simu, ramani, bei za huduma.

Swali la fedha huwatia aibu pande zote mbili, kwa hiyo liulizwe kwa viwango. Badala ya "bajeti yako ni kiasi gani?", fomu inaweka ngazi tatu na kueleza kila moja inapata nini. Ngazi ya chini ni ukurasa mmoja wenye mawasiliano na picha, ya kati ni kurasa kadhaa na lugha mbili, ya juu ina mfumo wa kuweka nafasi na kulipia. Mteja anachagua kama achaguavyo sahani hotelini, na hakuna anayeona amevuliwa nguo.

Namna ya kujaza nayo ina uzito wake. Fomu ya Google inamfaa mtu wa ofisini aliyezoea kuchapa. Mwenye duka au nyumba ya wageni anayeendesha biashara yake kwa simu atajibu vizuri zaidi kwa mdomo. Kwake yeye, mbunifu apige simu, aulize swali kwa swali, aandike mwenyewe, kisha amtumie mteja muhtasari wa majibu ili athibitishe. Fomu ikiwa hivyo haipotezi kitu, kwa kuwa maswali ni yale yale na mpangilio ni ule ule, ila kalamu imehamia upande wa pili.

Nyumba ya wageni Pangani

Tuchukue mfano wa kutunga, lakini wa aina inayotokea kila wiki. Mama mmoja ana nyumba ya wageni yenye vyumba vinane Pangani, karibu na bahari. Katikati ya mwezi wa nne anamtafuta kijana mbunifu aliyeko Dar es Salaam. Kwenye fomu, penye swali la lengo, ameandika: "Nataka biashara yangu ijulikane." Jibu hilo ni la kweli, lakini halijengi kitu. Kijana anampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Njema, mama. Nimesoma majibu yako. Naomba unisaidie kitu kimoja. Wageni watano wa mwisho waliolala hapo kwako, kila mmoja alikujaje?"

"Ngoja nikumbuke. Wawili walitoka Booking. Wale wengine wote waliletwa na watu. Mtu alishakuja, akampa mwenzake namba yangu, basi wakanitumia WhatsApp."

"Na hao wa Booking, unabaki na kiasi gani?"

"Hapo ndipo penye uchungu, baba. Wanakata."

Sasa lengo limepatikana, na limepatikana kwa swali la jambo lililokwisha kutokea. Ukimuuliza mtu anataka nini, atakupa ndoto. Ukimuuliza jambo lilivyotokea mara ya mwisho, atakupa habari. Kamisheni ya mitandao ya kuweka nafasi mara nyingi huwa karibu asilimia 15. Kwa chumba cha shilingi 80,000 kwa usiku, hiyo ni shilingi 12,000, na mgeni akilala siku tatu ni 36,000. Mama huyu hatafuti kujulikana. Anataka mgeni aliyepewa jina la nyumba yake aweze kumfikia moja kwa moja, badala ya kulitafuta jina hilo mtandaoni na kuangukia kwa dalali.

Jibu hilo linabadilisha kazi nzima. Mfumo wa kulipia kwa kadi, ambao ungepandisha bei na kuhitaji mtu wa kuusimamia, hauna haja tena. Kinachohitajika ni kitufe cha WhatsApp kinachoonekana katika kila ukurasa, bei za vyumba zilizo wazi, maelezo ya kufika kutoka Tanga mjini, na maneno ya Kiingereza kwa wageni wa nje. Tovuti imekuwa ndogo na rahisi zaidi, na imekaribia zaidi anachokitaka mwenyewe. Bila swali la wageni watano, kijana angemuuzia ngazi ya juu na mama angeilipia bure.

Tarehe ina sababu yake

Kwenye swali la muda mama amejibu, "Haraka iwezekanavyo." Neno haraka halimo katika kalenda. Fomu nzuri huuliza maswali mawili kwa pamoja: unaitaka siku gani, na siku hiyo kuna nini? Mama anasema anataka iwe tayari kabla wageni wa kiangazi hawajaanza kuulizia, yaani mapema mwezi wa sita.

Mbunifu akihesabu kurudi nyuma kutoka hapo, jambo moja linajitokeza ambalo mteja hakulifikiria. Katikati ya mwezi wa nne ni masika. Mbingu ni nzito, bahari imechafuka, uani kuna matope. Picha za ufuko zikipigwa wiki hizo zitamfukuza mgeni badala ya kumvuta. Na picha ndizo zinazouza nyumba ya wageni kuliko maneno yoyote.

Wanakubaliana kazi iende kwa mafungu. Maneno, bei na maelezo ya njia yaandikwe mwezi wa nne wakati mvua inanyesha. Vyumba na chakula vipigwe picha mwanzoni mwa mwezi wa tano, kwa kuwa ndani ya nyumba mvua haina neno. Picha za nje zingoje jua la mwisho wa mwezi huo, na zikichelewa, tovuti ifunguliwe na za ndani kisha za ufuko zifuate. Tarehe imebaki ile ile, lakini sasa ina njia ya kufikiwa. Sababu ya tarehe ndiyo iliyoonyesha kipi kinaweza kusubiri na kipi hakiwezi.

Vifaa, na yule aliyevishika

Sehemu ya pili ya fomu inaanza na nembo. Mteja anapoulizwa kama ana nembo, husema anayo. Swali lenye faida zaidi ni hili: "Nembo yako iko katika faili la aina gani, na nani aliichora?" Mama wa Pangani anatuma picha ya kibao cha nje aliyoipiga kwa simu. Hiyo ni picha ya nembo, na ikikuzwa itachoka kingo. Kinachotakiwa ni faili la mchoraji lenyewe, kama SVG au PDF aliyoitoa kwenye programu ya kuchorea, ambalo hukuzwa hadi ukubwa wa bango bila kupoteza ukali. Kama mchoraji bado anapatikana, apigiwe leo. Kama hapatikani, kuichora upya nembo ni kazi yenye bei yake, na bei hiyo itajwe sasa.

Picha nazo hupungua njiani. Simu ya kawaida siku hizi hupiga picha yenye upana wa pikseli 4,000 hivi. Ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inaweza kumfikia mbunifu ikiwa imebanwa hadi pikseli 1,600 au pungufu. Kwenye simu itaonekana safi, lakini ikitandazwa juu ya ukurasa mzima wa kompyuta itaonekana imefifia. Kwa hiyo fomu isiseme tu "tuma picha." Iseme: "Tuma picha kama hati, siyo kama picha," na mstari mmoja chini yake ueleze wapi pa kubonyeza. Mbunifu anaweza kugundua mara moja kama maelekezo yamefuatwa. Faili la picha halisi ya simu huwa na megabaiti kadhaa, lililobanwa huwa na kilobaiti mia chache.

Halafu linakuja swali ambalo wateja wengi hawajawahi kuulizwa: "Jina la tovuti yako limeandikishwa kwa jina la nani?" Miaka michache nyuma, mpwa wake mama huyu alimsajilia kikoa cha .co.tz na kumfungulia barua pepe ya biashara. Mpwa sasa yuko Mwanza na ana shughuli zake. Usajili uko kwa jina lake, na taarifa za kulipia kila mwaka zinakwenda kwenye barua pepe yake ya zamani. Siku usajili ukiisha bila kulipiwa, tovuti itazimika, na mwenye nyumba hatajua kwa nini. Huyu mpwa hana ubaya wowote. Apigiwe mapema, na usajili uhamishiwe kwa mwenye mali kabla ya kazi kuanza. Jambo hili likigunduliwa siku ya kufungua tovuti, linaweza kuisimamisha kazi kwa wiki nzima.

Barua pepe nayo imening'inia papo hapo. Jina la kikoa huelekeza mambo mawili: wasomaji wanapelekwa kwenye tovuti, na barua zinapelekwa kwenye sanduku la barua. Mbunifu akihamisha kikoa kwenda seva mpya na kusahau kunakili maelekezo ya barua, tovuti mpya itawaka vizuri huku barua zikipotea kimyakimya. Mwenye biashara atashtuka siku kadhaa baadaye, mgeni atakapolalamika kwamba aliandika na hakujibiwa. Swali moja kwenye fomu, "Unatumia barua pepe yenye jina la biashara yako? Inafunguliwa wapi?", linamkumbusha mbunifu kunakili maelekezo hayo kabla hajagusa kitu.

Kitu kimoja fomu isikiombe kamwe: nywila. Majibu ya fomu hukaa kwenye jedwali ambalo watu kadhaa wanaweza kulifungua, na hubaki humo miaka. Iulize tu nani anayo nywila ya kila akaunti. Kisha mteja mwenyewe amwongeze mbunifu kama msimamizi msaidizi pale inapowezekana, na amwondoe kazi ikiisha.

Nani anasema ndiyo

Kwenye swali la mwamuzi mama ameandika jina lake. Swali linalofuata linauliza: "Kuna mtu mwingine ambaye akisema hapendi, kazi itarudiwa?" Hapo anajitokeza kaka yake aliyeko Maskati, ambaye ndiye aliyetoa fedha za kujengea vyumba vinne vya nyuma. Hatajibu fomu, hatapigiwa simu, lakini siku ya mwisho ataonyeshwa tovuti na atasema neno lake.

Mtu wa namna hii yupo karibu katika kila biashara ya familia. Akionyeshwa kazi iliyokwisha, maoni yake yatakuwa makubwa, kwa sababu anaiona kwa mara ya kwanza. Akionyeshwa mchoro wa ukurasa wa kwanza katika wiki ya pili, maoni hayo hayo yanagharimu saa moja ya marekebisho. Kwa hiyo jibu la swali hili linaingia moja kwa moja kwenye ratiba: kaka anaonyeshwa mchoro, anajibu ndani ya siku tatu, ndipo ujenzi unaanza.

Hapo ndipo pa kuandika pia maana ya marekebisho. Mvutano mwingi hauzuki kwa kuwa mtu ni mkorofi. Unazuka kwa sababu neno hilo kila mmoja amelielewa kivyake. Fomu iseme wazi kwamba bei inajumuisha mizunguko miwili ya marekebisho, kwamba mzunguko mmoja ni orodha moja ya mambo yote iliyotumwa kwa pamoja, na itoe mifano. Kubadilisha picha ya juu, kurekebisha bei ya chumba, kupunguza maneno: hayo ni marekebisho. Kuongeza lugha ya Kijerumani, au ukurasa wa safari za Kisiwa cha Maziwe ambao haukutajwa mwanzo: hiyo ni kazi mpya yenye bei mpya. Mifano miwili kila upande inatosha kuliko aya nzima ya maelezo ya kisheria.

Na pawepo mstari wa mwaka wa pili. Kikoa hulipiwa kila mwaka, na mahali tovuti inapokaa vilevile. Mteja ajue mapema kiasi gani, lini, na nani atakumbushwa. Tovuti nyingi za biashara ndogo huzimika bila kuharibika popote, kwa sababu tu hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na ada ya kulipa.

Kusoma majibu

Fomu iliyojazwa inahitaji kusomwa kwa jicho la kutafuta majibu yanayopingana. Mteja aliyechagua ngazi ya chini ya bei na hapo hapo akaomba mfumo wa malipo, hajakosea wala hadanganyi. Hajui tu kipi kina gharama. Aliyeandika "wewe ndiye mtaalamu, fanya unavyoona" anaonekana mwepesi, lakini mara nyingi ana picha kamili kichwani ambayo ataitoa baada ya kuona ya kwako. Dawa yake ni kumwomba ataje tovuti mbili anazozipenda na moja asiyoipenda, na kwa kila moja aseme kitu kimoja. Ile asiyoipenda ndiyo itakayokufunza zaidi.

Na asiyejibu kabisa, hata baada ya kupigiwa simu mara mbili? Ukimya wake nao ni habari. Mtu asiyepata nusu saa ya kueleza biashara yake hatapata muda wa kutuma picha, kusoma maneno wala kuthibitisha bei za vyumba. Mbunifu anaweza kuipokea kazi yake, ila bei na tarehe vizingatie kwamba vifaa vitachelewa. Kanuni moja inatosha: siku za kazi zinaanza kuhesabiwa siku vifaa vyote vya orodha vimefika, na hazianzi siku kianzio kilipotumwa.

Fomu haichukui nafasi ya mkataba. Inakusanya habari, na mkataba unafunga ahadi. Lakini vinaweza kuunganishwa kwa njia nyepesi. Mbunifu anageuza majibu kuwa ukurasa mmoja wenye lengo, kurasa za tovuti, tarehe, nani analeta nini, mizunguko ya marekebisho, bei na namna ya kulipa, kisha anamtumia mteja na kumwomba aandike kwamba amekubali. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ambayo inatambua kwamba makubaliano hayakosi nguvu kwa sababu tu yamefanywa kielektroniki. Kwa kazi ndogo, ukurasa huo wenye "nimekubali" chini yake unamaliza maswali mengi. Kwa kazi kubwa, uambatanishwe na mkataba kamili uliopitiwa na mwanasheria.

Fomu yenyewe haitatoka kamili mara ya kwanza, na hakuna ya kunakili itakayokufaa moja kwa moja. Kila kazi ikiisha, irudie na ujiulize mambo mawili. Ni jambo gani lililotukwamisha ambalo hatukuliuliza? Hilo liongezwe. Ni swali gani ambalo majibu yake hatukuyatumia popote? Hilo lifutwe. Anayefanya hivyo baada ya kila mteja atajikuta na maswali yapatayo kumi na tano, kila moja likiwa na kazi yake, na mteja atayamaliza kabla chai yake haijapoa.